Majina ya Wahusika: Jinsi ya Kuita Watu Sita wa Nyumba Moja Bila Msomaji Kupotea

Soma sentensi hii: "Alimwambia hataki, akaondoka." Hatujui aliyesema ni mwanamke au mwanamume, mzee au kijana. Hata aliyeondoka hatumjui vizuri. Huenda ni msemaji, huenda ni aliyeambiwa. Kiswahili kinatupa "a-" na "-m-" kwa kila mtu, na msomaji anabaki akitegemea majina kumwonyesha nani ni nani. Ndiyo maana hadithi ya Kiswahili yenye majina yanayofanana huchanganya haraka. Jina likishindwa kazi, hakuna kiwakilishi cha kike au cha kiume cha kuliokoa.

Mwongozo huu unafuata kisa kimoja mwanzo hadi mwisho. Hadithi ni ya siku hizi, mwaka 2024, katika familia ya Kitanzania inayobishana kuhusu kuuza nyumba. Wahusika ni sita: bibi mwenye nyumba, binti yake mkubwa, mtoto wa kiume wa bibi, wajukuu wawili na dalali. Rasimu ya kwanza iliwaita hivi: bibi ni Asha, binti ni Amina, kaka ni Ali, wajukuu ni Aisha na Amani, dalali ni Abuu. Kila jina, ukilitazama peke yake, ni zuri na ni la kweli. Sasa yaone yakiwa pamoja:

"Amina alimwangalia Ali. Alijua hataki. Asha alikohoa, akamwambia Amani amwite Abuu. Alipoingia, alisema bei imeshuka."

Nani alijua? Nani hataki? Aliyeingia ni Amani au Abuu? Mwandishi anajua, kwa sababu sura zao anaziona kichwani. Msomaji anaona majina matano yanayoanza na A.

Hatua ya kwanza: andika mwaka wa kuzaliwa, kisha jiulize nani alitoa jina

Usianze na jina. Anza na mwaka. Bibi ana miaka 74, kwa hiyo alizaliwa 1950. Binti yake ana 52, alizaliwa 1972. Kaka ana 45, alizaliwa 1979. Mjukuu wa kike, 23, alizaliwa 2001. Mjukuu wa kiume, 11, alizaliwa 2013. Dalali ana 48, alizaliwa 1976.

Mbele ya kila mwaka andika aliyempa mtoto jina na alichokuwa akikitazama. Jina halichaguliwi na mwenyewe. Linachaguliwa na mzazi, babu, shangazi au kalenda ya kanisa, siku ambayo mwenye jina hajui hata kunyoosha shingo. Kwa hiyo jina linaeleza zaidi umri, imani na matumaini ya waliomzaa. Tabia yake mwenyewe halijaijua bado. Tutarudi kwenye tabia.

Bibi wa 1950 anaweza kuitwa kwa saa au siku aliyozaliwa, au kwa nafasi yake katika uzao: Chausiku kwa aliyezaliwa usiku, Mwanahamisi kwa wa Alhamisi, Pili kwa wa pili, Tatu kwa wa tatu. Masikioni mwa wasomaji wengi majina haya yana mvi tayari. Mtoto wa 2013 anayeitwa Ayman au Rayan anasikika kuwa wa juzi, kama anavyosikika Jeideni katika familia ya Kikristo. Katikati kuna majina yasiyozeeka haraka, kama Rehema, Neema na Baraka. Haya hayakusaidii kuonyesha umri, ila yana faida nyingine: hayamzuii mhusika kuwa wa kizazi chochote unachotaka.

Tahajia nayo inasema. Fatuma, Fatma na Fatima ni jina moja, lakini si mwanamke mmoja. Fatuma yuko karibu na matamshi ya nyumbani, na Fatima wa miaka ishirini huenda ana wazazi waliosoma dini na kutaka jina liandikwe karibu na Kiarabu. Yohana alibatizwa zamani na kuandikwa kwa Kiswahili. Mjukuu wake ni John kwenye vyeti na Joni kwa marafiki. Ukichagua tahajia moja, ishike. Msomaji akiona "Hamisi" ukurasa wa pili na "Khamis" ukurasa wa kumi, atatafuta mtu wa pili ambaye hayupo.

Majina yanayotokana na matukio ndiyo yanayobeba tarehe wazi kuliko yote, na kwa sababu hiyo yanahitaji uangalifu. Kijana anayeitwa Obama kwa heshima ya rais wa Marekani hawezi kuwa na miaka 30 katika hadithi ya 2024, kwa sababu uchaguzi uliomfanya Barack Obama ajulikane kila nyumba ni wa 2008. Lakini usidhani tukio na jina huzaliwa siku moja. Uhuru Kenyatta alizaliwa Oktoba 1961, na Kenya ilipata uhuru Desemba 1963. Jina lilitangulia, kwa sababu watu huwaita watoto kwa wanachokingoja pia.

Sasa tazama kaka wa 1979. Tuseme alizaliwa siku ya sikukuu, na jina la kwanza linalokuja ni Idi. Ni fupi, ni la kawaida, linasikika vizuri kwa mwanamume wa umri huo. Lakini rudi kwenye mwaka. Aprili 1979 majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda waliingia Kampala na Idi Amin akaangushwa. Familia ya Kitanzania iliyomwita mtoto Idi miezi michache baadaye ingesikia maneno kutoka kwa majirani, na msomaji mwenye umri wa kukumbuka vita atasubiri hadithi iseme kitu. Una njia mbili. Unaweza kuitumia: kaka huyu amebeba utani huo tangu utotoni, na umemfanya mtu wa kuficha jina lake. Au, kama hadithi yako ni ya nyumba na urithi na huna nafasi ya jambo hilo, badilisha. Hapa tunabadilisha. Kaka anaitwa Sudi, jina la bahati njema. Kwa kuwa ndiye mwenye madeni katika hadithi, kejeli inajikalia yenyewe. Usimfanye mtu yeyote aitamke.

Onyo moja: jina la zamani halithibitishi uzee. Familia nyingi huwarithisha wajukuu majina ya babu na bibi. Kwa Wakikuyu, mtoto wa kwanza wa kiume kwa desturi hupewa jina la baba wa baba yake. Kwa hiyo Chausiku wa miaka saba anawezekana kabisa. Ila msomaji atamwona ajuza mpaka umwambie vinginevyo, na unapaswa kumwambia mara mtoto anapotokea, kwa nusu sentensi: "Chausiku mdogo, aliyerithi jina la bibi yake, aliingia na sare ya shule." Ukichelewa hadi ukurasa wa tatu, atalazimika kuivunja picha aliyokwisha kuijenga.

Hatua ya pili: orodhesha midomo inayomwita

Hapa ndipo waandishi wengi wanaoanza hupakosa. Wanatoa jina moja na kila mtu katika hadithi anamwita mhusika kwa jina hilo, kana kwamba wote wamesoma orodha ya mwandishi. Katika maisha mtu mzima haitwi hivyo. Mtoto akimwita shangazi yake "Rehema" katika mazungumzo, msomaji atafikiri mtoto hana adabu, au atafikiri wewe hujui.

Chukua binti wa 1972 na umwite Rehema. Sasa andika kila anayemwita na anavyomwita. Mama yake anamwita "Rehema", na akimhitaji kwa upole, "mwanangu". Sudi, mdogo wake, anamwita "Dada". Binti yake Nasra anamwita "Mama". Ayman, mtoto wa Sudi, anamwita "Shangazi". Majirani wanamwita "Mama Nasra". Dalali anaanza na "Mama", na akishazoea, "Mama Nasra". Kwenye karatasi yeye ni Rehema Omari Mbwana.

Mtu mmoja, namna saba. Hizi zote zinakufanyia kazi bure. Neno "Shangazi" likitoka mdomoni mwa Ayman, msomaji amejua umri wa msemaji, ukoo wake na upande wa baba, bila wewe kueleza. Sudi akiacha "Dada" ghafla na kusema "Sikiliza, Rehema," ugomvi umeanza na hukuandika neno "hasira".

Lakini namna saba pia ni vichaka saba vya msomaji kupotelea. Dawa ni sheria moja isiyovunjwa: msimulizi ana jina moja tu kwa kila mhusika. Msimulizi anasema "Rehema" kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho. "Mama Nasra", "Dada" na "Shangazi" hukaa ndani ya alama za kunukuu. Na kila mara namna mpya ya kuita inapotokea kwa mara ya kwanza, jina la msimulizi liwe ndani ya sentensi ileile au inayofuata:

"Mama Nasra!" dalali aliita kutoka getini. Rehema hakugeuka.

Hakuna maelezo, na msomaji ameunganisha. Ukiandika "Mama Nasra!" halafu mistari minne ipite kabla ya Rehema kutajwa, msomaji ameshamtengeneza mama mwingine.

Kama msimulizi ni mmoja wa wahusika, sheria ni hiyohiyo lakini jina hubadilika. Nasra akisimulia kwa "mimi", masimulizi yatasema "Mama" na "Mjomba", na jina "Rehema" litasikika mara chache mdomoni mwa wengine. Liweke mapema, mara moja, pale bibi anapoita. Vinginevyo siku Rehema atakapotajwa kwenye karatasi ya mauzo, msomaji atauliza huyo ni nani.

Jina la karatasi linastahili aya yake. Katika familia kama hii jina la pili ni la baba na la tatu ni la babu. Si jina la ukoo linaloshirikiwa na wote. Marehemu mume wa bibi ni Omari Mbwana. Watoto wake basi ni Rehema Omari na Sudi Omari. Ayman ni Ayman Sudi. Nasra anachukua jina la baba yake, si la Omari. Bibi naye habadiliki kuwa Omari kwa kuolewa: baba yake alikuwa Feruzi, na hati ya zamani ya nyumba imemwandika Chausiku binti Feruzi, huku kitambulisho chake kikisema Chausiku Feruzi. Tofauti hiyo ndogo ya "binti" ni umri wa hati uliojionyesha wenyewe, na ni mahali ambapo dalali mjanja anaweza kusita, akakuna kidevu na kusema karatasi hizi zina shida. Ukiwapa wote hawa jina moja la mwisho kama ilivyo katika tamthilia za nje, unapoteza haya yote, na msomaji wa nyumbani anasikia kitu kisichokaa sawa.

Familia nyingine zina mipango mingine, kwa hiyo uliza watu wa jamii unayoiandikia. Swali la kuuliza ni jepesi: "Mtoto wa fulani, shuleni angeandikwa majina gani matatu?"

Hatua ya tatu: tenganisha majina kwa jicho na kwa sikio

Msomaji hasomi jina lote kila mara. Akishalizoea, anakamata herufi ya kwanza, urefu na mwisho wake, kisha anaendelea. Majina mawili yakifanana katika mambo mawili kati ya haya matatu, tarajia mkanganyiko. Asha na Aisha yanafanana yote matatu. Salma, Salima na Halima ni mtego mwingine. Majina yanayoanza na "Mwana-" yanafanana kwa nusu nzima ya neno, hivyo Mwanaidi na Mwanahamisi wakiwa chumba kimoja, jicho linafika kwenye "Mwana" na kutulia.

Kuna jamii ambazo ukweli wenyewe unakuletea tatizo. Majina mengi ya Kijaluo ya wanaume huanza na O: Otieno aliyezaliwa usiku, Okoth wa wakati wa mvua, Ochieng' wa wakati jua linawaka, Onyango. Ndugu wanne wa kweli wanaweza kuwa na majina hayo manne, na hakuna wa kukulaumu kwa uongo. Atakayepata taabu ni msomaji. Usiwabadilishie kabila ili kuokoa herufi. Wape majina yao yote, kisha amua msimulizi atamwita nani kwa jina lipi: mmoja kwa Otieno, mwingine kwa jina la ubatizo, wa tatu kwa jina la utani. Ndani ya familia watu hufanya hivyohivyo.

Turudi kwa wahusika wetu. Bibi ni Chausiku, na msimulizi anamwita Bi Chausiku. Binti ni Rehema. Kaka ni Sudi. Mjukuu wa kike ni Nasra, wa kiume ni Ayman. Dalali ni Venansi. Yapange kwa safu na uyatazame: herufi za kwanza ni Ch, R, S, N, A, V. Silabi ni nne, tatu, mbili, mbili, mbili, tatu. Rehema na Nasra yote yanaishia na "a", lakini herufi ya kwanza na urefu vinayatenganisha. Hiyo inatosha. Ukidai kila kitu kitofautiane utaishia na majina ya ajabu ambayo hakuna mzazi aliyewahi kuyatoa. Nguvu zako zipeleke kwa wahusika wanaokutana mara nyingi katika tukio moja. Rehema na Sudi wanagombana hadithi nzima, hao wasikaribiane hata kidogo. Nasra na dalali hawaonani, hao wangeweza hata kushirikiana herufi.

Venansi analeta jambo la asili. Jina hilo linamtoa dalali nje ya familia bila maneno: wazazi wake ni Wakatoliki wa aina ya kuchagua jina la mtakatifu, naye ameingia nyumba ya Waislamu kufanya biashara. Ni taarifa ya kutosha, usiongeze. Na hapa jichunguze. Ukiona katika hadithi zako walaghai wote wana majina ya jamii moja, na walinzi wote wana majina ya jamii nyingine, wasomaji wa jamii hizo wameona kabla yako. Katika kisa hiki Venansi ni dalali mwaminifu zaidi ya Sudi, na uamuzi huo ulifanywa kabla ya jina kuchaguliwa.

Kitu kimoja cha Kiswahili ambacho hakipaswi kupita: majina mengi ni maneno ya kila siku. Furaha, Neema, Amani, Bahati, Shida, Tumaini, Rehema. Katikati ya sentensi herufi kubwa inasaidia, lakini mwanzoni mwa sentensi haisaidii kitu. Kinachobaki ni upatanisho. "Furaha ilimjaa" ni hisia, "Furaha alimjia" ni mtu. Msomaji anajua hivyo, lakini ameshasoma neno moja kabla ya kujua, na kurudi nyuma kidogo kidogo kunachosha. Kwa hiyo ukiwa na mhusika Rehema, pekua rasimu utafute "rehema" ya kawaida. Bi Chausiku akiomba dua na kutaja rehema za Mungu wakati binti yake ameketi hapo, ama badilisha dua, ama tumia mgongano huo kwa makusudi na uuache uonekane.

Hatua ya nne: tabia ipe jina la utani

Kwa kuwa jina la kuzaliwa halijui tabia, kulilazimisha ndiko kunakozaa akina Subira wavumilivu na akina Jabari wenye misuli. Mara moja linaweza kuwa mzaha. Mara tatu katika hadithi moja, msomaji anajua mwisho wa kila mtu tangu alipotajwa.

Jina la utani ni jambo lingine. Linatolewa na watu waliomwona mtu akifanya kitu, kwa hiyo linabeba tabia kihalali. Venansi hutembea na rundo la funguo za nyumba za watu na huzichezea anapofikiria bei. Sudi anamwita "Funguo" akiwa hayupo. Jina hilo linatuambia mazoea ya Venansi, na linatuambia zaidi kuhusu Sudi, kwamba ni mtu wa kudharau watu nyuma ya mgongo. Siku Sudi atakapoteleza na kumwita "Funguo" usoni, una tukio zima mkononi.

Ufupisho nao unafanya kazi hii. Mohamedi anayejitambulisha "Mudi" kwa mtu asiyemjua, na Mohamedi anayesahihisha kila anayemwita Mudi, ni watu wawili tofauti kabisa. Jiulize kila mhusika mkubwa angejibu nini akiulizwa jina na mgeni. Nasra angesema "Nasra" basi. Sudi angesema "Sudi Omari" kwa benki na "Sudi" kwa wengine. Bi Chausiku angejibu kwa kuuliza, "Wewe ni mtoto wa nani?"

Jina la utani moja kwa hadithi fupi linatosha. Mawili yanawezekana. Likija la tatu, msomaji anahitaji daftari.

Hatua ya tano: punguza, kisha tambulisha kwa zamu

Mtu anayetokea mara moja hahitaji jina. Karani aliyepokea hati ni "karani", mlinzi aliyefungua geti ni "mlinzi". Jina ni ahadi kwamba huyu atarudi, na msomaji huweka nafasi kichwani kwa kila ahadi. Katika kisa chetu marehemu Omari anatajwa, lakini hapaswi kutajwa siku ya kwanza. Mwanzoni aitwe "marehemu mumewe". Jina litoke pale hati inaposomwa, wakati msomaji analihitaji.

Kwa ukurasa wa kwanza, majina matatu mapya ni mengi ya kutosha. Wengine wangoje. Na kila anayeingia aingie na kitu cha kushikika kinachofanyika palepale, kama kikohozi cha Bi Chausiku au funguo za Venansi, ili hata jina likisahaulika, mtu abaki.

Sasa kile kifungu cha mwanzo, kikiandikwa upya:

"Rehema alimwangalia Sudi. Alijua mdogo wake hataki. Bi Chausiku alikohoa, akamtuma Ayman amwite dalali. Venansi alipoingia, alisema bei imeshuka."

Angalia kwamba majina pekee hayakumaliza kazi. "Mdogo wake" ndiyo iliyookoa sentensi ya pili, kwa sababu "alijua hataki" ingebaki na utata hata kwa majina tofauti. Pale "a-" mbili zinapogongana, tumia jina au neno la undugu kwa mmoja wao. Usitumie jina kila sentensi kwa hofu. Aya yenye "Rehema" mara sita inasomeka kama ripoti ya polisi.

Hatua ya sita: kubadilisha majina ndani ya rasimu

Majina yakishaamuliwa, usikimbilie `Ctrl+H` na kubofya `Replace All`. Kwa Kiswahili hatua hii ina hatari yake ya pekee. Ukibadilisha "Ali" kuwa "Sudi" bila mipaka, kila "alikuja" inakuwa "Sudikuja". Ukibadilisha "Amani" kuwa "Ayman", neno "zamani" linakuwa "zAyman" na "thamani ya nyumba" inakuwa "thAyman ya nyumba". "Asha" imejificha ndani ya "mashaka" na "washa".

Katika Microsoft Word, bofya `More`, kisha weka alama kwenye `Match case` na `Find whole words only`. Katika LibreOffice Writer maneno ni `Match case` na `Whole words only`. Unahitaji zote mbili. `Match case` peke yake haitoshi, kwa sababu sentensi inayoanza na "Alikuja" ina "Ali" yenye herufi kubwa. Na kwa majina ambayo ni maneno ya kawaida, kama Amani, hata zote mbili hazitoshi: "Amani ilirudi nyumbani" mwanzoni mwa sentensi itabadilika kuwa mtoto. Hayo yapitie moja moja kwa `Find Next`.

Anza na jina refu linalobeba jingine ndani yake. Kama rasimu ina "Mama Aisha", ibadilishe yote kuwa "Mama Nasra" kabla ya kugusa "Aisha" peke yake. Baada ya hapo tafuta majina ya pili: Ayman hawezi kubaki "Ayman Ali" wakati baba yake sasa ni Sudi. Halafu tafuta mizaha na mashairi ya jina la zamani. Kama kuna mahali ambapo bibi alisema "Amani, tuachie amani," mstari huo umekufa na hakuna programu itakayokuambia.

Mwisho mpe rasimu mtu ambaye hajaisoma. Akimaliza, chukua karatasi kabla hajaongea sana na umwombe akutajie watu wa hadithi, mmoja mmoja, na uhusiano wao. Usimsaidie. Akisema "yule kaka, nani, mwenye madeni", jina Sudi halijashika, na huenda limetajwa mara chache mno kwenye kurasa za mwanzo. Akimtaja Rehema na "yule Mama Nasra" kama watu wawili, rudi pale "Mama Nasra" ilipotokea mara ya kwanza. Jina la Rehema liko mbali nayo. Akikosea umri wa mtu kwa miaka mingi, muulize ni kitu gani kilimfanya afikiri hivyo kabla ya kubadilisha jina, maana mara nyingi atakutajia tahajia, au salamu aliyoisikia ikitolewa kwa mtu ambaye hakustahili kuamkiwa.